Milioni kumi zilizokwama njiani

Mtendaji wa kijiji anapomwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya kudai fedha za ujenzi wa shule, anamdai mwajiri wake. Likizo yake, uhamisho wake na barua yake ya onyo, vyote vinatoka ofisi ileile anayoitaka ilipe. Ndiyo maana barua nyingi za namna hii haziandikwi kabisa, au huandikwa kwa unyenyekevu mwingi hadi anayezisoma hajui anaombwa nini. Chache zinazoandikwa kwa hasira hujibiwa haraka sana, ila majibu yenyewe huwa ni kumtaka mtendaji ajieleze.

Kuna njia ya tatu, nayo inatokana na sheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye utu wa kisheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Ina wajumbe kati ya 15 na 25, na mwenyekiti wake amechaguliwa na wananchi, hakuajiriwa na mtu. Mtendaji, au katibu wa kijiji kama wazee wengi bado wanavyomwita, ndiye katibu wa vikao vyake. Kwa hiyo anaweza kuandika kama mtumishi wa Mkurugenzi, na anaweza kuandika kama katibu wa chombo ambacho Mkurugenzi hakukiajiri. Karatasi ni ileile na saini ni ileile, lakini barua ya kwanza ni malalamiko ya mtumishi na ya pili ni dai la kijiji.

Nitaeleza kwa kisa kimoja. Kijiji nimekibuni na mtendaji wake nimembuni, ili nisimchongee mtu wa kweli kwa wakubwa zake. Lakini njia ya fedha, makaratasi na vikwazo vyake ni vile ambavyo mtendaji yeyote wa Tanzania Bara atavitambua.

Tuseme tuko mkoani Tabora, kwenye kijiji ambacho shule yake ya msingi ina watoto wengi kuliko vyumba. Wananchi walichoma tofali, wakasomba maji na mchanga kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakainua maboma mawili ya madarasa hadi usawa wa lenta. Hapo wakasimama, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa makubaliano: wananchi wajenge boma, Serikali ipaue na kumalizia. Kiwango kilichozoeleka miaka ya karibuni kwa kumalizia boma la chumba kimoja ni Sh12.5 milioni. Kujenga chumba kizima kuanzia msingi kumekuwa kukihesabiwa Sh20 milioni, kama ilivyokuwa 2021 vilipojengwa vyumba 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19. Kwa maboma mawili, basi, kijiji kiliandikiwa Sh25 milioni. Februari ziliingia Sh15 milioni, na Sh10 milioni zilizobaki ziliahidiwa baada ya kupaua.

Machi vyumba vilipauliwa. Aprili ikapita. Katikati ya Mei bati zilikuwa zinang'aa juu ya vyumba visivyo na sakafu wala milango, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuvizoea.

Hapa inabidi kueleza fosi akaunti, maana ndiyo inayoamua nani anamdai nani. Katika utaratibu huu hakuna mkandarasi. Shule yenyewe inanunua vifaa na kumpa kazi fundi wa eneo hilo kwa mkataba wa ufundi tu. Wananchi wanakaa kwenye kamati tatu, moja ya ujenzi, moja ya manunuzi na moja ya kupokea vifaa, na mhandisi wa halmashauri anasimamia ubora. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, mwalimu mkuu akiwa mmoja wa watia saini. Gharama inashuka kwa sababu hakuna faida ya mkandarasi. Lakini mkandarasi alikuwa pia na mtaji wa kusubiria malipo, na ukimwondoa, anayesubiri ni fundi mwenye watoto nyumbani na mwenye duka la vifaa ambaye mtaji wake wote uko kwenye yale mabati. Watu hawa hawamjui Mkurugenzi. Wanamjua mwalimu mkuu na wanamjua mtendaji, na fundi wa kisa hiki alikuwa ameanza kufika ofisini kwa mtendaji kila asubuhi, anasalimia kwa adabu, anakaa kwenye benchi, hasemi kitu.

Halmashauri ya Kijiji ilipokaa, mwenyekiti alikuwa na maneno yake tayari.

"Mama Mtendaji, andika kwa ukali. Waambie wananchi wamechoka, na hawatachangia tena."

"Mzee wangu, tukiwaambia tumechoka watatujibu poleni. Tuwaulize swali ambalo pole hailijibu."

Kikao kiliazimia mambo mawili: kwamba Halmashauri ya Kijiji imdai Mkurugenzi awamu ya pili kwa maandishi, na kwamba katibu akague kwanza hesabu zote za ujenzi na kuziambatisha. Mtendaji aliandika maazimio hayo kwenye muhtasari kwa namba, akayasoma kwa sauti kabla watu hawajaondoka, mwenyekiti akasaini palepale. Mtu asiyezijua ofisi anaweza kudhani hiyo ni kazi ya kujaza daftari. Kumbe ndiyo kinga yake. Siku atakayoulizwa ni nani aliyemtuma kumwandikia Mkurugenzi kwa namna ile, jibu lake liko kwenye muhtasari na mahudhurio yake yamesainiwa.

Kesho yake akaenda shuleni. Alitaka kujua fedha ilikuwa imekwama wapi, kwa sababu kuna sehemu nne tofauti ambazo inaweza kukwama, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni Hazina. Inawezekana fedha haijatoka huko kabisa, na hapo Mkurugenzi naye anasubiri kama wewe. Ya pili ni halmashauri ya wilaya: fedha imefika, lakini haijaidhinishwa kwenda shuleni, au imeelekezwa kwanza kwenye jambo jingine lililoonekana la dharura. Ya tatu ni njiani: imetumwa ikarudi kwa sababu jina au namba ya akaunti haikufanana na ile iliyo kwenye mfumo wa malipo. Ya nne, ambayo watu wa vijijini hawapendi kuisikia, ni kijijini kwenyewe: taarifa ya matumizi ya awamu ya kwanza haikupelekwa, au risiti hazikutimia, na hakuna mhasibu atakayetoa awamu ya pili juu ya ya kwanza isiyofungwa.

Barua inayosema tu "tunaomba mtulipe" inawahusu wote wanne, kwa hiyo haimhusu yeyote. Itazunguka meza nne na kurudi na ile sentensi ambayo kila mtendaji anaijua kwa moyo, kwamba suala lenu linashughulikiwa.

Alianzia kwenye hiyo ya nne, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa mikononi mwake. Mwalimu mkuu alitoa taarifa ya benki, mkataba wa fundi, risiti, na leja ya stoo. Walikaa mezani wakalinganisha mstari kwa mstari: kila shilingi iliyotoka benki lazima iwe na risiti ya mashine, kila kifaa kwenye risiti lazima kionekane kimeingia stoo na saini ya kamati ya mapokezi, na kila kilichotoka stoo lazima kionekane ukutani. Sh15 milioni zilikuwa sawa. Zilikwenda kwenye mbao za kenchi, saruji, nondo, mchanga na kokoto, fremu na grili za madirisha, na malipo ya kwanza ya fundi. Taarifa ya matumizi nayo ilikuwa imepelekwa wilayani mwezi Machi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ilikuwepo.

Zile Sh10 milioni ambazo hazijaja zilikuwa tayari zina wenyewe. Fundi alibakiza Sh1,500,000 kwenye mkataba wa Sh2,400,000. Mwenye duka alidai Sh4,350,000. Kazi ambazo hazijafanyika, yaani sakafu, milango, plasta ya nje na rangi, zilikadiriwa Sh4,150,000. Jumla Sh10,000,000 kamili.

Tatizo lilijitokeza kwenye deni la duka. Mabati 90 kwa Sh35,000, yaani Sh3,150,000, yalikuwa na oda iliyopita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ambao sasa hata shule za msingi zinatakiwa kuutumia. Sh1,200,000 zilizobaki zilikuwa mifuko 60 ya saruji, kila mmoja Sh20,000, iliyochukuliwa kwa neno la mdomo. Fundi alikuwa katikati ya kupiga plasta ya ndani, saruji ikamwishia, mtandao ukawa chini, mwalimu mkuu akapiga simu dukani. Saruji ikaja kwa pikipiki ya miguu mitatu. Haikuibwa, iko ukutani, inaonekana kwa macho. Lakini haina oda, na kwa macho ya mkaguzi kitu kisicho na oda ni ununuzi uliofanyika nje ya utaratibu, hata kama kila mtu kijijini aliuona ukishushwa.

Mwenyekiti alitaka saruji ile ichanganywe kimya kimya na yale mabati, jumla ya duka iandikwe moja. Kwa maoni yangu hapa ndipo barua nyingi nzuri zinapoharibikia. Anayedai fedha ya umma anaalika watu waje kumkagua. Hicho ndicho kitu cha kwanza ofisi ya wilaya itakachofanya, na ina haki ya kukifanya. Wakiikuta ile mifuko 60 wenyewe, habari itageuka kutoka "kwa nini hamjalipa" kuwa "kwa nini mlinunua hivi", na kijiji hakitapata nafasi ya kuirudisha. Mtendaji alimwambia mwenyekiti kwamba saruji itaandikwa aya yake peke yake, na wao ndio watakaoitaja kwanza. Mzee hakufurahi. Alisaini.

Barua yenyewe ilikuwa hivi, nikiondoa majina na namba za kumbukumbu:

"HALMASHAURI YA KIJIJI
16 Mei
Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.
K.K. Afisa Mtendaji wa Kata

YAH: KUTOPOKELEWA KWA SH10,000,000, AWAMU YA PILI YA FEDHA ZA KUKAMILISHA VYUMBA VIWILI VYA MADARASA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Kwa azimio la kikao chake cha 13 Mei (muhtasari umeambatishwa), Halmashauri ya Kijiji imeniagiza nikuandikie kuhusu fedha iliyotajwa hapo juu.

2. Awamu ya kwanza, Sh15,000,000, iliingia kwenye akaunti ya shule tarehe 12 Februari. Imetumika yote. Taarifa ya matumizi ilipokelewa ofisini kwako tarehe 27 Machi. Nakala yenye muhuri imeambatishwa pamoja na risiti zote.

3. Kazi iliyokusudiwa kwa awamu ya kwanza imekamilika. Vyumba vyote viwili vimepauliwa. Hadi leo awamu ya pili haijaingia, kama inavyoonekana kwenye taarifa ya benki ya tarehe 15 Mei.

4. Halmashauri ya Kijiji inaomba kujulishwa kwa maandishi ni lipi kati ya haya limetokea: (a) fedha haijapokelewa na Halmashauri ya Wilaya, (b) imepokelewa na haijaidhinishwa kwenda shuleni, na kwa sababu gani, (c) ilitumwa na ikarudi, (d) kuna nyaraka kutoka kijijini au shuleni inayosubiriwa, na ni ipi.

5. Mchanganuo wa matumizi ya awamu ya pili umeambatishwa. Ndani yake kuna Sh1,200,000 za mifuko 60 ya saruji iliyochukuliwa bila oda. Maelezo ya mwalimu mkuu yameambatishwa, na tunaomba maelekezo yako kuhusu malipo hayo.

6. Kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, tunaomba majibu kabla ya tarehe 31 Mei. Taarifa ya suala hili itatolewa kwa wananchi kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji wa mwezi Juni, pamoja na majibu yatakayokuwa yamepatikana.

Nawasilisha."

Chini yake ilikuwepo saini ya mtendaji kama katibu, saini ya mwenyekiti, na mhuri wa kijiji. Halafu nakala.

Ukiisoma haraka utaona haina neno hata moja kali. Hakuna "kusikitishwa", hakuna "kwa masikitiko makubwa", hakuna wananchi waliochoka. Lakini mtazame aya ya nne. Mkurugenzi hawezi kuijibu kwa kusema suala linashughulikiwa, kwa sababu ameulizwa a, b, c au d, na jibu lolote kati ya hayo linamtaja mtu. Akisema (a), Mweka Hazina lazima athibitishe. Akisema (b), atalazimika kuandika sababu, na sababu iliyoandikwa inakaa kwenye jalada ambalo mkaguzi atalifungua. Kwa kiongozi wa ofisi, kuandika (b) bila sababu ya maana ni kazi ngumu kuliko kuidhinisha malipo.

Aya ya sita nayo si kitisho. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu na ni haki ya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuhudhuria. Mapato na matumizi husomwa humo, barua iwepo isiwepo. Mtendaji alichofanya ni kumkumbusha Mkurugenzi kwamba Juni haiko mbali na kwamba majibu yake yatasomwa hadharani. Tarehe ya 30 Juni ina uzito wake yenyewe. Fedha ya mwaka mmoja ambayo haijatoka wala kutumika mwaka unapofungwa haivuki yenyewe kwenda mwaka unaofuata. Inabidi kuombewa upya, na maboma mengine mapya yatakuwa yamekwisha kupanga foleni.

Kuhusu nakala, mwenyekiti alitaka ziende kwa Mkuu wa Wilaya, TAKUKURU, na TAMISEMI kule Dodoma. Mtendaji alikataa zote isipokuwa moja ambayo mzee hakuitaja: ya diwani. Kumpelekea TAKUKURU barua ya kwanza ni kumwita mtu mwizi kabla hujamuuliza fedha iko wapi, na ukishamwita hivyo atakujibu kupitia mwanasheria. Diwani ni jambo jingine. Yeye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na chini ya baraza hilo kuna Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokaa kila mwezi na kupitia taarifa za mapato na matumizi. Hata kama si mjumbe wa kamati, diwani mwenye barua yenye aya zilizopangwa a, b, c, d anaweza kumpa mwenzake aliyemo aulize swali hilohilo mbele ya Mweka Hazina, bila kuongeza neno lake. Barua ya hasira isingemfaa kwa kazi hiyo, maana asingejua sehemu gani ya kuisoma.

Ikabaki kuifikisha. "K.K." ina maana lazima barua ipite kwa Mtendaji wa Kata, na barua nyingi hulala hapo, si kwa ubaya, ni kwa wingi wa karatasi. Mtendaji wetu aliipeleka mwenyewe kata, akasubiri isainiwe "imepitishwa", akapanda basi dogo hadi wilayani akiwa na nakala mbili. Masjala ya halmashauri ni chumba chenye dirisha la kaunta na rafu za majalada ya rangi ya udongo. Karani alipokea barua, akataka kuiweka kwenye trei. Mtendaji akasukuma nakala ya pili na daftari lake la dispachi chini ya dirisha.

"Naomba muhuri hapa, dada yangu, na saini yako hapa."

"Tutawapigia simu ikishafika kwa bosi."

"Nashukuru. Muhuri tu, nipate la kuwaonyesha wazee."

Muhuri wa IMEPOKELEWA ukagongwa, wenye tarehe. Bila huo, barua nzima ingeweza kuwa haijawahi kuandikwa. Kuanzia hapo ilipewa namba ya folio ndani ya jalada la shule, ikapanda kwa Mkurugenzi, naye akaandika pembeni kwa kalamu maneno machache ya kuwataka Mweka Hazina, Afisa Elimu Msingi na mhandisi watoe maelezo. Maneno hayo ya pembeni ndiyo yanayoendesha ofisi ya wilaya. Baada ya kuandikwa, kila mmoja kati ya wale watatu ana deni la kujibu kwenye jalada lilelile, na hakuna anayetaka kuonekana ndiye aliyenyamaza.

Majibu yalikuja tarehe 29 Mei, na hayakuwa yale kijiji kilichokuwa kikidhani. Fedha ilikuwa wilayani tangu Machi. Haikuliwa wala haikuhamishwa. Ilikuwa (b): Mweka Hazina hakuweza kuidhinisha kwa sababu kwenye faili hapakuwa na taarifa ya mhandisi ya ukaguzi wa hatua ya kupaua. Na mhandisi hakuwa ameandika taarifa kwa sababu hakuwa amefika. Gari la idara lilikuwa halina mafuta, na shule zilizo kando ya barabara kuu zilikaguliwa kwanza.

Nadhani jambo hili linaeleza mengi kuhusu fedha za ujenzi kuliko habari za wizi tulizozoea kuzisoma magazetini. Wizi upo, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja kasoro za miradi ya halmashauri mwaka hadi mwaka. Lakini sehemu kubwa ya miradi hukwama kwa kitu kidogo kama hiki, karatasi moja inayomsubiri mtu mmoja asiye na mafuta. Kijiji kilichokuwa tayari kumshuku Mweka Hazina kingemwandikia yeye kwa ukali, naye angekasirika kwa haki, na mhandisi asingeguswa.

Mtendaji aliandika barua ya pili, fupi, yenye aya mbili. Ya kwanza ilishukuru kwa majibu. Ya pili iliomba mhandisi apangiwe tarehe, na kueleza kuwa kijiji kiko tayari kumleta na kumrudisha kwa pikipiki ya mjumbe mmoja iwapo usafiri wa idara bado una shida. Wako watakaosema kijiji hakipaswi kumbeba mhandisi wa Serikali kwa pikipiki. Ni kweli hakipaswi. Lakini ilikuwa 3 Juni.

Mhandisi alifika baada ya wiki, amekalia nyuma ya pikipiki, na hakuja kupiga muhuri tu. Alipanda ngazi, akaangalia dari, akakuta kwamba upande wa mashariki wa chumba cha pili kenchi hazikufungwa vya kutosha kwenye lenta. Kwa upepo wa Tabora wa kabla ya mvua, paa lile lingeweza kuezuliwa zima. Alikataa kusaini. Mwenyekiti alichukulia kama njama. Fundi alijua kuwa si njama; alirudi na nyaya na nondo, akafunga kenchi zote upande ule kwa gharama yake, kwa sababu mkataba wake ulisema kasoro ni juu yake, na kwa sababu Sh1,500,000 zake zilikuwa nyuma ya saini ileile. Siku mbili baadaye mhandisi alirudi, akasaini.

Sh10,000,000 ziliingia akaunti ya shule tarehe 19 Juni. Fundi alilipwa, mabati yakalipwa, na mwenye kazi za sakafu na milango akapewa oda kupitia mfumo kabla mwaka haujafungwa. Kwenye Mkutano Mkuu, mtendaji alisoma barua zote mbili na majibu, akabandika mchanganuo kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Swali la kwanza kutoka kwa wananchi halikuhusu wilaya hata kidogo. Bibi mmoja aliyekaa mbele aliuliza kwa nini mifuko 60 ya saruji ilinunuliwa kwa simu.

Mkurugenzi alikuwa amejibu kuhusu hiyo aya ya tano pia. Sh1,200,000 hazilipwi hadi Mkaguzi wa Ndani apitie maelezo ya mwalimu mkuu na kuthibitisha kuwa saruji ilitumika kwenye vyumba hivyo. Mkaguzi wa Ndani hajafika. Mwenye duka, ambaye muda wote huo alikuwa akifuatilia habari za barua kutoka nyuma ya kaunta yake, alinunua karatasi za kuandikia na muhuri wake mwenyewe. Barua yake ya kwanza imekwisha kufika ofisi ya kijiji. Imeelekezwa kwa Halmashauri ya Kijiji, ina aya nne zenye namba, na anaomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi.